Gudwili iko salama kweli? Namna ya kuhoji utabiri wa fedha wa uongozi

*Swali: Tunakagua kampuni ya usambazaji iliyonunua kampuni nyingine miaka 3 iliyopita. Uongozi umetupa utabiri wa mtiririko wa fedha unaoonyesha kwamba gudwili haijashuka thamani, na nafasi inayobaki ni kubwa. Nikihoji ukuaji au faida, mkuu wa fedha ananijibu, "Hayo ni mambo ya kesho, una ushahidi gani kwamba tumekosea?" Nimhoji vipi bila kuishia kubishana maoni kwa maoni?*

Mkuu wa fedha ameugeuza mzigo, na ukiupokea utashindwa. IAS 36, kiwango cha uhasibu kuhusu kushuka kwa thamani ya mali, inautaka uongozi uwe na makadirio yenye busara na yanayoweza kutetewa, na inasema ushahidi unaotoka nje ya kampuni upewe uzito zaidi. Kwa hiyo si kazi yako kuthibitisha kwamba wamekosea. Wao ndio wanaopaswa kuonyesha msingi wa kila namba, nawe unapima kama msingi huo unaibeba. ISA 540, kiwango cha ukaguzi wa makadirio, ikikutaka uyahoji, inakutaka pia utafute ushahidi bila kuegemea upande wa kuyaunga mkono au wa kuyapinga. Hilo la pili litakufaa sana baadaye.

Tufanye mfano wenye tarakimu, zote ziwe milioni za sarafu yoyote ile. Thamani ya vitabu ya kitengo kinachozalisha fedha ni 1,050: gudwili 300, orodha ya wateja iliyopatikana kwenye ununuzi 140, na magari, maghala na mtaji wa uendeshaji 610. Mauzo ya mwaka uliokwisha ni 1,000. Faida kabla ya uchakavu, riba na kodi ni asilimia 13 ya mauzo. Uongozi umetabiri kwamba mauzo yatakua asilimia 8 kila mwaka kwa miaka 5, na faida itapanda hatua kwa hatua hadi asilimia 15. Manunuzi ya mali za kudumu ni asilimia 4 ya mauzo, na kila ongezeko la mauzo linameza asilimia 15 yake kama mtaji wa uendeshaji. Baada ya mwaka wa 5 ukuaji ni asilimia 3 daima. Kiwango cha punguzo, kabla ya kodi, ni asilimia 13. Jedwali lao linatoa thamani ya matumizi, yaani thamani ya leo ya fedha hizo za baadaye, ya 1,217, na nafasi ya 167 juu ya vitabu.

Anza na utabiri wa zamani, si huu mpya

Omba majedwali waliyotumia kupima gudwili katika kila mwaka tangu ununuzi, pamoja na bajeti zilizopitishwa na bodi. IAS 36 yenyewe inautaka uongozi uchunguze kwa nini utabiri wa nyuma ulitofautiana na fedha zilizopatikana, na ISA 540 inakutaka wewe upitie matokeo ya makadirio ya zamani. Lengo si kuwasuta. Unatafuta kama kosa lina mwelekeo, kwa sababu makadirio ya uaminifu hukosea juu na chini.

Tuseme umepata hivi: mwaka wa kwanza walitabiri ukuaji wa asilimia 9 wakapata 5, wa pili walitabiri 8 wakapata 4, wa tatu walitabiri 8 wakapata 5. Faida ilitabiriwa kupanda kila mwaka, lakini ilikuwa asilimia 13.7, kisha 13.3, kisha 13.0. Mara tatu mfululizo kosa limeelekea upande mmoja. Hapo mazungumzo yanabadilika. Humwambii tena mkuu wa fedha kwamba asilimia 8 unaiona kubwa. Unamuuliza: "Ni kitu gani kimebadilika mwaka huu ambacho hakikuwepo katika miaka 3 iliyopita, na karatasi yake iko wapi?" Jibu litakuwa mkataba uliosainiwa, ghala lililofunguliwa au mshindani aliyefunga biashara. Likiwa "soko limechangamka" bila takwimu yoyote ya nje, liandike hivyo hivyo kwenye faili lako.

Angalia pia kama utabiri uliopewa wewe ndio uliopelekwa benki kuombea mkopo, na ndio uliotumika kupanga malengo ya bonasi za mameneja wa mauzo. Malengo ya bonasi yakiwa ukuaji wa asilimia 4 huku jedwali la gudwili lina 8, kampuni ina imani mbili, na una haki ya kuuliza ipi ni ya kweli.

Jua namba ipi inabeba jengo

Wakaguzi wengi hupoteza wiki nzima wakibishana juu ya kiwango cha punguzo kwa sababu kina fomula, na fomula hufariji. Kabla ya kubishana chochote, tengeneza nakala yako ya jedwali kuanzia mwanzo, usiikopi yao. Utakapoijenga ndipo utakapoona seli zilizochapwa namba badala ya fomula, na mara nyingi mkono wa mtu umepita hapo.

Katika mfano wetu, kujenga upya kunafichua kosa kwenye thamani ya mwisho:

```
thamani ya mwisho = fedha za mwaka wa 6 / (kiwango cha punguzo - ukuaji wa kudumu)
```

Uongozi ulichukua fedha za mwaka wa 5 ukaziongeza asilimia 3. Lakini fedha za mwaka wa 5 zimeshapunguzwa kwa mtaji wa uendeshaji wa mwaka unaokua asilimia 8. Mwaka wa 6 mauzo yanakua asilimia 3 tu, kwa hiyo mtaji unaohitajika ni karibu 7, si 17. Ukirekebisha, thamani inapanda kutoka 1,217 hadi 1,272. Kosa hili limewaumiza wao wenyewe, nawe lazima ulirekebishe. Mkaguzi anayesahihisha makosa ya upande mmoja tu ana upendeleo uleule anaoutafuta kwa uongozi, na mkuu wa fedha atakuwa na haki ya kumwambia hivyo. Kosa la kinyume chake ndilo utakalolikuta mara nyingi zaidi: mwaka wa mwisho wenye manunuzi madogo ya mali za kudumu kuliko uchakavu, kana kwamba magari yatakimbia milele bila kununuliwa mengine. Hapa kwenye mfano halipo, ila litazame kwanza, kwa sababu thamani ya mwisho ni zaidi ya theluthi mbili ya jumla yote.

Sasa badilisha dhana moja moja. Ukishusha ukuaji hadi asilimia 5 na kuiacha faida yao ilivyo, thamani ni 1,142. Bado iko juu ya vitabu. Ukiacha ukuaji wao wa asilimia 8 lakini ukaibakiza faida kwenye asilimia 13, thamani inaanguka hadi 1,048, na nafasi yote imeisha. Umeshajua kazi yako iko wapi. Ukuaji peke yake hauui gudwili hii. Kiwango cha faida ndicho kinachoishikilia. Kwa kawaida jaribio la uongozi la kutikisa makadirio litagusa kiwango cha punguzo tu, labda nusu pointi juu na chini, na litaiacha faida bila kuguswa. Hilo lenyewe ni dalili ya kuandika.

Ifuate faida hadi kwenye leja

Faida ya asilimia 13 inapandaje hadi 15? Uongozi una sababu mbili: maghala mawili yataunganishwa kuwa moja, na wateja wazuri wataendelea kununua zaidi.

Sababu ya kwanza inapimwa kwa swali moja: je, kampuni imejifunga kwa mpango huo kufikia tarehe ya mizania? IAS 36 inataka thamani ya matumizi ikadirie kitengo kama kilivyo leo. Akiba itokayo kwenye upangaji upya ambao kampuni haijajifunga kuutekeleza haiingii, wala faida ya kuboresha mali kwa matumizi ambayo hayajafanyika. Soma mihtasari ya vikao vya bodi. Ukikuta bodi "imepokea wasilisho na kuagiza uchambuzi zaidi", hakuna kujifunga hapo. Mpango unaohesabika una maelezo kamili na tarehe, na waathirika wameshatangaziwa au utekelezaji umeanza. Pasipo hayo akiba yote inatoka kwenye jedwali, hata kama wewe mwenyewe unaamini maghala yataunganishwa. Kampuni ingekuwa imejifunga, ungeangalia pia kama gharama za kuhama zimo, maana mara nyingi akiba huingizwa na gharama husahauliwa.

Sababu ya pili ndiyo yenye utajiri, na jibu lake liko kwenye ile orodha ya wateja ya 140, ambayo timu nyingi huikagua peke yake kana kwamba haihusiani na gudwili. Wakati wa ununuzi, wateja wa mikataba waliotajwa kwenye orodha walikuwa wakinunua bidhaa za 600 kwa mwaka. Mthamini alidhani asilimia 8 ya mauzo hayo itapotea kila mwaka, na muda wa matumizi wa orodha ukapangwa kutokana na dhana hiyo. Kwa hesabu yake, leo wateja wale wangekuwa bado wananunua karibu 467. Chukua namba za wateja kutoka kwenye ripoti ya mthamini, ziunganishe na leja ya mauzo ya mwaka huu, ujumlishe. Pima kwa mauzo na si kwa idadi ya wateja, kwa sababu mteja aliyebaki akinunua robo ya alichokuwa akinunua ataonekana bado yupo. Unapata 390. Upotevu halisi ni zaidi ya asilimia 13 kwa mwaka.

Kisha tenganisha faida. Wateja wa orodha wanaleta faida ya asilimia 16. Wengine wote, wakiwemo wapya waliovutwa kwa punguzo la bei na muda mrefu wa kulipa, wanaleta 11. Sasa unaielewa historia yote ya kitengo: mauzo yalikua asilimia 4 hadi 5 kwa sababu walipata wateja wapya, na faida ilishuka kwa sababu wapya hao ni wa bei nafuu. Utabiri unadai ukuaji mkubwa zaidi pamoja na faida kubwa zaidi kwa wakati mmoja, lakini leja inaonyesha kwamba katika biashara hii kimoja kimekuwa kikinunuliwa kwa kingine. Hoja hii ina nguvu kuliko ripoti yoyote ya sekta, kwa sababu inatoka kwenye vitabu vyao wenyewe.

Ugunduzi huo una matokeo ya pili. Muda wa matumizi wa orodha ya wateja unapaswa kufupishwa kuanzia sasa, na gharama yake ya kila mwaka itaongezeka. Kama mali moja moja ndani ya kitengo inapimwa wakati mmoja na gudwili, yenyewe hupimwa kwanza. Orodha ya wateja, hata hivyo, kwa kawaida haizalishi fedha zilizojitenga na magari na maghala, kwa hiyo upungufu wake hupimwa ndani ya kitengo kizima.

Mwisho, angalia kilichotokea baada ya mwaka kufungwa. Hesabu za ndani za miezi miwili ya mwanzo zikiwa na faida ya asilimia 12.8 ilhali jedwali linasema 13.5 kwa mwaka huo, una kipimo ambacho hakuna anayeweza kukiita maoni. Jihadhari na misimu tu: linganisha na miezi ileile ya mwaka uliopita.

Kiwango cha punguzo

Hapa nitapita haraka. Hakikisha mtiririko hauna riba wala kodi ya mapato ikiwa kiwango ni cha kabla ya kodi. Kuchanganya ni kosa la kawaida na linaweza kwenda upande wowote. Linganisha vipengele vyake na kampuni zenye biashara ya aina ileile, na kama kiasi ni kikubwa mhusishe mtaalamu wa uthamini chini ya ISA 620. Kwa jedwali lao lililorekebishwa, pointi moja zaidi inashusha thamani kutoka 1,272 hadi 1,149, karibu sawa na athari ya pointi moja ya faida. Ila usikubali hoja ya "tumeweka kiwango cha juu kidogo kufidia utabiri wenye matumaini". Utabiri ukiwa na matumaini kupita kiasi, rekebisha utabiri. Na ukisharekebisha fedha zenyewe, usiongeze hatari hiyohiyo tena kwenye kiwango, kwa sababu utakuwa umeihesabu mara mbili.

Kutoka mashaka hadi tofauti yenye namba

Weka dhana zinazoungwa mkono na ushahidi: ukuaji asilimia 5, ambao uko juu kidogo ya wastani wao wa miaka 3, na faida asilimia 13. Thamani inakuwa 945. Iko chini ya vitabu kwa 105. Lakini usiende kikaoni na namba moja, kwa sababu hapo ndipo utakuwa kweli unashindanisha maoni yako na yao. Tengeneza kiwango chenye ncha mbili, kila ncha ikiwa na ushahidi wake. Faida ikiendelea kushuka hadi 12.5 kwa mwendo wa wateja wanaopotea, thamani ni karibu 889. Ikirudi hadi 13.4, pengine kwa masharti bora ambayo wasambazaji wameshayasaini, ni karibu 990. Kiwango chote kiko chini ya 1,050. Uongozi ukisema hakuna upungufu, tofauti unayoiandika ni umbali hadi ncha iliyo karibu nao, yaani 60. Ile 105 si kosa lililothibitishwa, na 161, umbali hadi ncha ya chini, ndiyo kabisa.

Kwa mazungumzo yenyewe, chombo kizuri kuliko vyote ni hesabu ya kurudi nyuma. Kwa ukuaji wa asilimia 5, faida inatakiwa iwe wapi ili thamani ifikie vitabu? Jibu ni karibu asilimia 13.9 kuanzia mwaka wa kwanza na kubaki hapo daima. Tangu ununuzi kitengo hakijawahi kuifikia. Mwekee mkuu wa fedha sentensi hiyo mezani pamoja na mchanganuo wa wateja, kisha uulize ni mkataba gani, bei gani au gharama gani itakayoifikisha huko. Hamjadili tena mambo ya kesho. Mnajadili pengo lililopimwa.

Mara nyingi jibu la hatua hii ni kubadili njia: "Basi tutatumia thamani ya soko ukitoa gharama za kuuza." Wana haki, kwa sababu kiasi kinachoweza kurejeshwa ni kile kikubwa kati ya viwili. Ila wasirudishe jedwali lilelile likiwa na kichwa kipya. Thamani ya soko inataka dhana za mnunuzi yeyote sokoni, si matumaini ya mwenye mali. Akiba ya kuunganisha maghala inaweza kuingia huko iwapo mnunuzi wa kawaida angeilipia, na ushahidi wa hilo unatakiwa uwe wa nje: ofa, mauzo ya biashara zinazofanana, bei za hisa.

Wakikubali upungufu wa 60, wote unapunguza gudwili kwanza, ibaki 240, na hauwezi kurudishwa katika miaka ijayo hata biashara ikipona. Hiyo ndiyo sababu watapigania kila pointi. Wakikataa, linganisha 60 na kiwango chenu cha umuhimu, lipeleke kwa wanaosimamia kampuni kwa maandishi, na kama ni kubwa bila kurekebishwa, maoni ya ukaguzi yanabadilika. Barua ya uthibitisho ya uongozi haizibi pengo hilo. Inasema wanaamini dhana zao, jambo ambalo ulishalijua.

Matokeo ya tatu yanawezekana pia: wanaleta ushahidi mpya wa kweli na nafasi ndogo inabaki. Hapo pambana na maelezo ya hesabu. Pale ambapo badiliko linalowezekana kwa busara katika dhana kuu lingemaliza nafasi, IAS 36 inataka msomaji aambiwe nafasi ni kiasi gani, dhana imewekwa wapi, na ikibadilika kwa kiasi gani nafasi inakwisha. Rasimu itakayokuja kwako itaandika "uongozi hautarajii mabadiliko makubwa". Irudishe, na uombe ile asilimia ya faida iandikwe kwa tarakimu.